Kilele Kilichopungua: Kusoma Tabia ya Saketi ya RLC

Mezani pana vitu vitatu vilivyounganishwa kwa mfuatano: rezista ya omu 20, koili ya milihenri 10 na kapasita ya maikrofaradi 1. Jenereta ya mawimbi inavipa volteji inayoruka ghafla kutoka 0 hadi volti 5, inakaa hapo milisekunde 10, kisha inashuka tena. Osiloskopu inapima volteji ya kapasita. Hesabu inasema kapasita haitaishia kwenye volti 5 mara ya kwanza. Itapitiliza hadi volti 8.6 hivi, itashuka chini ya 5, itapanda tena, na itayumba hivyo mara kadhaa kabla ya kutulia. Lakini kioo cha osiloskopu kinaonyesha jambo jingine kabisa: kilele cha volti 5.8, bonde dogo lisiloonekana vizuri, kisha utulivu.

Hakuna kifaa kilichoungua, na hesabu yenyewe haikukosewa popote. Fumbo hili huwapata wanafunzi wengi wa umeme, na wengi hulimaliza kwa kuandika kwenye ripoti kwamba vifaa vya maabara si sahihi. Ni hasara, kwa sababu kilele hicho cha volti 5.8 kinaeleza ukweli kamili wa saketi kwa anayejua kukisoma. Ili kukisoma, yabidi kwanza tujue ile volti 8.6 ilitoka wapi.

Tuanze na kila kifaa na desturi yake. Rezista hudai volteji inayolingana na mkondo: mkondo ukiwa i, inachukua Ri. Koili haijali ukubwa wa mkondo; inajali kasi ya kubadilika kwake. Mkondo ukienda sawasawa bila kubadilika, koili safi haidai chochote, lakini ukijaribu kuubadilisha ghafla inapinga kwa volteji ya L(di/dt). Kapasita ni ghala la chaji. Volteji yake, tuiite v, hupanda kadiri mkondo unavyoingia, kwa hiyo mkondo ni C mara kasi ya kupanda kwa v.

Vifaa vikiwa vimefuatana, mkondo unaopita ni mmoja kwa vyote. Na sheria ya Kirchhoff inasema kwamba volteji ya chanzo, tuiite u, lazima igawanywe yote kati ya vifaa hivyo vitatu, pasibaki kitu:

u = Ri + L(di/dt) + v

Sisi tunatazama kapasita, basi tuuondoe mkondo. Tunajua i ni C(dv/dt). Tukiweka hilo kila mahali penye i, tunapata mlinganyo wenye v peke yake:

LC(d²v/dt²) + RC(dv/dt) + v = u

Hapa ndipo mbinu ya Laplace inapotusaidia. Saketi ikiwa imepumzika mwanzoni, yaani kapasita haina chaji na koili haina mkondo, kila alama ya kasi ya mabadiliko inaweza kubadilishwa kuwa kizidisho s. Mabadiliko ya mara moja yanakuwa s, mabadiliko ya mabadiliko yanakuwa s². Kilichokuwa kalkulasi kinageuka aljebra ya sekondari. Tukiandika V na U kwa herufi kubwa kuonyesha kwamba tumehama, tunapata:

(LCs² + RCs + 1)V = U

Tunachotafuta ni uwiano wa kinachotoka kwa kinachoingia, ule ambao darasani huitwa transfa fankisheni. Basi tugawanye:

H(s) = V/U = 1/(LCs² + RCs + 1)

Kabla ya kwenda mbele, napenda kila mara kuujaribu uwiano huu kwa maswali mawili mepesi. Kwanza, ikiwa hakuna kinachobadilika, s ni 0, na H inakuwa 1. Yaani baada ya muda mrefu kapasita itakuwa na volti 5 zote za chanzo. Ni sahihi, kwa sababu kapasita ikishajaa hakuna mkondo, na bila mkondo rezista na koili hazichukui kitu. Pili, ikiwa mabadiliko ni ya kasi kubwa mno, s² inakua na H inakaribia 0. Nayo ni sahihi: koili inazuia mkondo kabla haujafika kwenye kapasita. Asiyefanya majaribio haya mawili anaweza kubeba kosa la ishara hadi ukurasa wa mwisho.

Sasa tutazame kigawanyo, ile sehemu ya chini ya mstari, kwani tabia yote ya saketi imo humo. Tukigawanya juu na chini kwa LC, kigawanyo kinakuwa s² + (R/L)s + 1/(LC). Wahandisi wamekubaliana kukiandika kwa sura moja inayofaa kwa saketi na kwa mashine vilevile:

s² + 2ζω₀s + ω₀²

Tukilinganisha kipande kwa kipande, tunapata namba mbili. Masafa ya asili, ω₀, ni 1 kugawanya kwa kipeuo cha pili cha LC. Uwiano wa ufifizaji, ζ, ni nusu ya R mara kipeuo cha pili cha C/L. Fundi wa daladala anaijua hali hii bila kuandika herufi hata moja. Akikandamiza bodi ya gari kwa mikono na kuliachia, springi na uzito wa gari ndivyo vinavyoamua gari litanesa kwa mwendo gani, na shokapu ndizo zinazoamua litanesa mara ngapi kabla ya kutulia. Koili ina nafasi ya uzito, kapasita ina nafasi ya springi, na ukinzani ni shokapu. Mlinganyo ni uleule, herufi tu zimebadilika.

Angalia kwamba R haimo kabisa ndani ya ω₀. Jambo hili litatufaa sana baadaye.

Tuweke namba zetu. L ni henri 0.01, C ni faradi 0.000001. Zikizidishwa zinatoa 0.00000001, na kipeuo chake cha pili ni 0.0001. Kwa hiyo ω₀ ni radiani 10,000 kwa sekunde, ambazo ukizigawanya kwa 2π unapata hezi 1,592 hivi. Kipeuo cha pili cha L/C ni omu 100. Hivyo ζ ni R kugawanya kwa 200, na kwa rezista yetu ya omu 20 ni 0.1.

Bado hatujazungumzia ncha. Ncha za saketi ni zile thamani za s zinazokifanya kigawanyo kiwe sifuri. Kwa nini tuhangaike nazo? Kwa sababu saketi ikiguswa kisha ikaachwa, hutulia kwa mwendo wa e kwa kipeo cha st, na s inayoruhusiwa hapo ni ile ya kwenye ncha tu. Kwa maneno mengine, ncha ni orodha ya njia ambazo saketi yenyewe inajua kutulia. Kwa fomula ya kipeo cha pili tuliyoifunzwa sekondari:

s = −R/(2L) ± √[(R/2L)² − 1/(LC)]

Kwa omu 20, R/2L ni 1,000. Ndani ya kipeuo tunapata 1,000,000 kutoa 100,000,000, ambayo ni namba hasi. Ncha mbili basi ni namba changamano: −1,000 + j9,950 na −1,000 − j9,950. Sehemu halisi, −1,000, inaeleza kasi ya kufifia: kila milisekunde 1 inayopita, mtetemo unabaki na takriban asilimia 37 ya ukubwa wake. Sehemu yenye j inaeleza kasi ya kuyumba: radiani 9,950 kwa sekunde, pungufu kidogo ya ω₀. Ishara hasi mbele ya 1,000 ndiyo inayotuhakikishia kwamba mtetemo utakufa. Katika saketi yenye rezista, koili na kapasita tu haiwezi kuwa chanya, kwani R na L zote ni chanya.

Kutoka hapo kilele kinapatikana kwa hesabu fupi. Kiasi cha kupitiliza ni e kwa kipeo cha −πζ/√(1 − ζ²). Kwa ζ ya 0.1 ni 0.73. Basi kapasita inapitiliza asilimia 73 juu ya volti 5, na kufika kama volti 8.6.

Sasa turudi kwenye kioo kwa njia ya kinyumenyume. Kilele ni volti 5.8, kwa hiyo kupitiliza ni 0.8 juu ya 5, yaani asilimia 16. Logarithimu asilia ya 0.16 ni −1.83. Fomula ya kilele ikigeuzwa, ζ ni 1.83 kugawanya kwa kipeuo cha pili cha π² + 1.83². Jibu ni 0.50. Na kwa kuwa ζ ni R kugawanya kwa 200, ukinzani wa saketi hii si omu 20 bali ni omu 100.

Omu 80 zimetoka wapi? Omu 50 zimo ndani ya jenereta ya mawimbi yenyewe. Jenereta nyingi za maabara hutengenezwa kwa makusudi ziwe na ukinzani wa ndani wa omu 50, na namba hiyo huandikwa pembeni ya tundu la kutolea, mahali ambapo macho hupita bila kusimama. Omu 30 zilizobaki zimo ndani ya koili. Ili kufikia milihenri 10 katika umbo dogo, mtengenezaji anazungusha waya mwembamba mara nyingi, na waya mwembamba mrefu una ukinzani. Izime saketi, itoe koili, iguse kwa multimita, nayo itakuonyesha omu 30 hizo waziwazi.

Kinachonivutia zaidi katika kisa hiki ni jinsi ukinzani huu unavyojificha. Ukipima saketi ikiwa imetulia, kapasita inaonyesha volti 5 kamili, sawa na mahesabu. Hakuna mkondo, kwa hiyo omu 80 hizo hazichukui volteji yoyote. Ule uwiano wetu ulikwisha kutuambia: s ikiwa 0, H ni 1 bila kujali R. Mtu anaweza kupima kila kona ya saketi iliyotulia na kuapa kwamba kila kitu kiko kama kilivyochorwa. R ya kwenye mlinganyo ni ya kitanzi chote, na hujitokeza pale tu mkondo unapopita.

Lipo kosa jingine la mezani ambalo hutoa picha ya ajabu zaidi. Waya wa ardhi wa osiloskopu na waya wa ardhi wa jenereta, katika vifaa vingi vinavyochomekwa ukutani, ni kitu kimoja. Kapasita ikiwekwa katikati ya mfuatano, kisha klipu ya ardhi ya osiloskopu ikabanwa upande wake mmoja, kifaa kilichobaki kati ya klipu na ardhi kinakuwa kimerukwa. Ikiwa kilichorukwa ni koili, mtetemo unatoweka kabisa na kinachobaki ni mpando laini wa RC. Dawa yake ni kupanga kapasita iwe ya mwisho, upande wake mmoja ukiwa ardhini.

Kwa omu 100, ncha zetu ni −5,000 ± j8,660. Zichore kwenye karatasi, sehemu halisi ikienda kushoto na kulia, sehemu ya j ikienda juu na chini. Pima kwa rula kutoka katikati hadi kwenye ncha: umbali ni 10,000, ambao ni ω₀. Pima pembe kati ya mstari huo na mhimili wa kushoto: ni nyuzi 60, na kosaini yake ni 0.5, ambayo ni ζ. Namba zote mbili zinasomeka kwa rula na protrakta.

Kwa kuwa R haimo ndani ya ω₀, umbali huo haubadiliki ukibadilisha rezista, mradi ncha bado ni changamano. Ukinzani ukiwa sifuri, ncha zimekaa juu kabisa na chini kabisa kwenye mhimili wa j, na mtetemo haufi. Ukiongeza ukinzani kidogokidogo, ncha zinateleza juu ya duara lenye nusu-kipenyo cha 10,000, moja kutoka juu na nyingine kutoka chini, zikielekea kushoto. Kwa omu 200 zinakutana kwenye −10,000. Hapo ζ ni 1, na kapasita inapanda upesi kadiri inavyowezekana bila kupitiliza hata kidogo.

Mpaka huu ulijulikana kabla hakujakuwa na osiloskopu. William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alichapisha mwaka 1853 hesabu ya chupa ya Leyden inayomwaga chaji yake kupitia waya, chupa hiyo ikiwa ndiyo kapasita ya zama zile. Alionyesha kwamba ukinzani ukiwa mdogo chaji haimwagiki mara moja tu, bali huenda na kurudi. Miaka michache baadaye Berend Wilhelm Feddersen, nchini Ujerumani, alitazama cheche za chupa hizo kupitia kioo kinachozunguka kwa kasi. Cheche ambayo kwa macho ni mmweko mmoja, kwenye kioo ilitanuka na kuwa safu ya mimweko inayofuatana. Alipoongeza ukinzani vya kutosha, safu ikatoweka.

Ukivuka omu 200 ncha zinaachana, safari hii zote zikiwa kwenye mhimili halisi. Tuchukue omu 500. Ncha moja inakimbilia −47,900 na nyingine inarudi hadi −2,090. Ile ya mbali hufifia upesi kiasi kwamba huioni. Iliyobaki ndiyo inayotawala, na ukiilinganisha na −1/(RC), ambayo ni −2,000, utaona zimekaribiana sana. Yaani saketi sasa inaenda kana kwamba koili haimo. Anayedhani kwamba ukinzani mwingi zaidi unatuliza saketi haraka zaidi amekosea: kupita mpaka, kila omu unayoongeza inaichelewesha.

Ipo pia hatari upande wa pili, pale ζ inapokuwa ndogo. Badala ya mruko wa ghafla, ipe saketi wimbi laini la sine lenye masafa sawasawa na ω₀. Weka s kuwa jω₀ kwenye uwiano, na vipande viwili vya kigawanyo vinafutana, pakibaki 2ζ na j. Ukubwa wa H ni 1/(2ζ). Kwa ζ ya 0.1 kapasita inapata mara 5 ya kinachoingia, hivyo chanzo cha volti 5 kinaiwekea volti 25. Kapasita iliyoandikwa volti 16 haitavumilia, hata kama kwenye saketi nzima hakuna chanzo kinachozidi 5.

Ile j iliyobaki ina faida yake. Inasema kwamba kwenye ω₀, wimbi la kapasita linachelewa nyuzi 90 kamili nyuma ya wimbi linaloingia, R iwe ngapi. Kwa hiyo ukitaka masafa ya asili bila kusumbuliwa na ukinzani uliojificha, usitafute mahali ambapo volteji ni kubwa kuliko kote, kwa maana kilele hicho husogea ζ inapobadilika. Kwa ζ ya 0.5 kiko kwenye hezi 1,125 hivi, mbali kabisa na 1,592. Tafuta nyuzi 90. Weka wimbi linaloingia kwenye chaneli ya kwanza, la kapasita kwenye chaneli ya pili, kisha geuza osiloskopu ichore moja dhidi ya jingine. Mviringo utaonekana umelala kimshazari. Zungusha kitufe cha masafa hadi mihimili yake isimame wima na mlalo, bila mwinamo, kisha soma.

Tuseme umefanya hivyo na jenereta inasoma hezi 1,450 badala ya 1,592. ω₀ ni 9,110, LC ni 1 kugawanya kwa kipeo chake cha pili, na ikiwa umehakikisha kapasita ni maikrofaradi 1 kweli, koili ina milihenri 12, wala si 10 zilizoandikwa. Kwa koili yenye ustahimilivu wa asilimia 20, hiyo iko takriban kwenye ukingo wa ahadi ya mtengenezaji. Ikiwa koili ina kiini cha chuma au feraiti, rudia kipimo kwa volteji kubwa zaidi. Masafa yakianza kupanda mkondo unapoongezeka, kiini kinashiba sumaku na L yenyewe inapungua kadiri mkondo unavyokua. Hapo mlinganyo tulioanza nao, ambao ulichukulia L kuwa namba moja isiyobadilika, hautumiki tena, na ncha hazina mahali pamoja pa kukaa.